Kamba ya Ngamia, Kamba ya Mbuzi

Halima, mama yangu,

Barua hii nitaichomeka kwenye mkoba wako kesho wakati mama yako anakukumbatia, na nakuomba usiifungue mpaka basi lipite Kisii. Nakujua. Utataka kuifungua hapo hapo stendi, mbele ya watu, uanze kunihoji kama wakili. Ngoja kwanza. Safari hii ni yako, lakini maneno haya ni yangu, niachie nafasi niyaseme bila kukatizwa.

Mambo ya blanketi, sufuria na kutokula mahindi ya kuchoma ya kila kituo mama yako amekwisha kukuhubiria tangu Jumatatu, nami sina la kuongeza. Ninayotaka kukwambia yanahusu Abu Bakr, Baba Mdogo wako Juma, na ile kamba ya katani iliyoning'inia nyuma ya mlango wa duka tangu ukiwa darasa la nne. Uliwahi kuniuliza ni ya nini nikakujibu, "Ya kazi." Nilikudanganya kidogo.

Sasa hivi ni baada ya Alasiri. Wewe uko Awendo kumuaga shangazi yako, na najua utarudi na mfuko wa miwa kana kwamba chuo kikuu hakuna sukari. Duka nimelifunga mapema. Jirani ameniuliza kama kuna msiba. Nimemwambia hapana, kuna historia.

Unakumbuka tulivyogombana wiki iliyopita. Ulikuwa umekaa na simu yako, unasoma yale waliyowatumia wanafunzi wapya wa historia, ukaniuliza kwa upole, ule upole wako wa kutega mtego, "Baba, waliopigwa vita baada ya Mtume kufariki, wote walikuwa wameritadi?" Nami nikajibu haraka kama mtu anayepigia mstari. Ndiyo. Waliacha dini, Abu Bakr akawarudisha, tukapona. Ukasema, "Wengine walikuwa wanaswali." Ukasema tena, "Na Baba Mdogo Juma, aliwahi kuacha kuadhini?"

Hapo nikafoka. Nikakwambia kama unamtaka Juma sana nenda Magunga ukakae huko, na usirudi. Ebo! Mtu mzima na ndevu zake anamfukuza binti yake kwa sababu ameulizwa swali. Ukasema kwa sauti ndogo kwamba hutaondoka Homa Bay bila kumuaga Baba Mdogo wako, na kama ni lazima uchague, basi chuo kitasubiri. Tangu siku hiyo chai yangu imekuwa ikiwekwa mezani bila neno. Mwanangu, chai yako isiyo na neno ni chungu, wallahi.

Basi ngoja nikusimulie nijuavyo, kwa sababu haya niliyasoma zamani kwa marehemu Sheikh wetu, nikayasahau nusu, na ile nusu niliyoisahau ndiyo niliyoihitaji.

Mtume alipofariki na Abu Bakr akashika uongozi baada yake, Madina ilitikisika. Jeshi la Usama lilikuwa limetumwa kaskazini, upande wa Shamu, na mji ukabaki na watu wachache. Makabila mengi yaliona nafasi, lakini hayakuwa kitu kimoja. Hapa ndipo mimi nilipokosea maisha yangu yote. Kulikuwa na waliowafuata watu waliodai utume, kama Musaylima kule Yamama na Tulayha wa Banu Asad. Hao shauri lao ni jingine. Lakini kulikuwa na wengine waliotuma wajumbe Madina kusema: swala tutaswali, ila zaka hatutaleta. Baadhi yao hoja yao ilikuwa hii: Mtume ndiye aliyeamrishwa achukue sadaka katika mali zetu na atuombee, na dua yake ndiyo iliyotutuliza. Sasa yeye hayupo. Huyu Abu Bakr ni nani hata tumpelekee ngamia wetu?

Na si wao tu walioona uzito wa jambo. Umar mwenyewe, yule Umar mkali, alimwuliza Abu Bakr: utapiganaje na watu wanaotamka kuwa hapana mungu ila Allah? Abu Bakr, mtu mpole, mtu wa machozi, siku hiyo akawa jiwe. Akasema atapigana na kila anayetenganisha swala na zaka, kwa kuwa zaka ni haki ya mali. Akaapa kwamba wakimnyima hata kamba ya kumfungia ngamia waliyokuwa wakimpa Mtume, atawapiga vita kwa kamba hiyo. Wapo wanaosimulia kuwa alisema mwanambuzi, si kamba, na wapo wanaosema kamba hapo ni zaka ya mwaka mzima. Sheikh alikuwa akitwambia yote, kisha anacheka, "Nyinyi chukueni kamba, hamna ngamia."

Nami nikaichukua.

Sheikh alipokuwa hai, zaka ya watu wetu ilikuwa ikipita mikononi mwake. Alikwenda mwenyewe, Ndhiwa, Magunga, mpaka vijijini karibu na uzio wa hifadhi ya wanyama ya Ruma. Anakaa, anakunywa uji wako, anapokea ulichonacho, anakuombea wewe na watoto wako kwa majina. Kisha mara nyingi anaigawa palepale, kabla hajawasha pikipiki yake, kwa mjane wa nyumba ya tatu na mzee asiyeona. Watu walitoa kwa sababu ya zaka, ni kweli, lakini na kwa sababu ya ile dua. Alipofariki tuliunda kamati. Mimi nikawa katibu. Tukatangaza kuwa zaka zote ziletwe Homa Bay, kamati itaangalia.

Juma akasimama kwenye mkutano wetu wa kwanza. Unamjua, hasemi sana. Akasema, "Sheikh aliwajua masikini wa Magunga. Nyinyi mnajua rangi mnayotaka kupaka mnara. Mimi mbuzi wangu nitawagawia walioko karibu yangu." Na ni kweli tulikuwa tumeshauliza bei ya rangi, ingawa maulamaa wengi hawakubali zaka ijengee msikiti. Mama yako aliniambia usiku ule ule, yeye aliyezaliwa na kulelewa Msabato kabla hatujaoana, "Kwetu watu wanabishana fungu la kumi liende wapi kila mwaka, na sijasikia mtu ameitwa kafiri." Nikamwambia haya hayamhusu. Lo, Halima, mwenzio nilikuwa nimevimba!

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, nilisimama. Nikayasema maneno ya Abu Bakr, na sauti niliikuza. Nikasema anayezuia zaka yake ni kama wale waliopigwa vita, na jina lao linajulikana. Sikumtaja Juma. Hakukuwa na haja. Alikuwa safu ya tatu, na watu wote waligeuka wakamtazama. Alitoka na viatu mkononi, hakuvivaa mpaka barabarani.

Baada ya siku chache dereva wa boda alileta dukani mfuko wa plastiki kutoka Magunga. Ndani yake kamba ya katani, mpya, imekunjwa vizuri, ile ya kufungia mbuzi. Na ujumbe wa mdomo: "Mwambie Kaka Rajabu, kamba yake hiyo. Asianzishe vita." Watu waliokuwa dukani walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka. Nikaitundika nyuma ya mlango, nikijiambia ni ushahidi wa kiburi chake.

Sasa nikwambie lile ambalo hulijui, maana ulikuwa mdogo na tulikuacha kwa jirani. Bibi yako, uliyepewa jina lake, alipofariki, Juma ndiye aliyestahili kumswalia. Yeye ndiye aliyemuuguza miezi ya mwisho, na katika sisi watoto yeye ndiye aliyesoma zaidi. Alipopiga hatua kwenda mbele, mzee mmoja wa kamati akamshika mkono. Akasema hawezi kuswali nyuma ya mtu ambaye dini yake ina maneno. Juma akanitazama mimi. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu: mwacheni. Nikatazama chini. Akaja mgeni, mfanyabiashara aliyekuwa akipita tu njia ya Migori, akamswalia mama yetu, na Juma akasimama safu ya nyuma kama mpita njia. Jina nililolitupa mimi ndilo lililomshika mkono.

Sikulisema hili kwa mtu. Nililia bafuni na maji nimeyafungulia.

Kwa hiyo uliponiuliza wiki iliyopita kama Juma aliwahi kuacha kuadhini, hukujua umekanyaga wapi. Au ulijua? Maana kuna mtu mwingine aliyeuliza hivyo hivyo, na ndiyo ile nusu niliyoisahau. Abu Bakr alipowatuma majemadari wake hakuwaambia wakate tu. Aliwaagiza wakifika kwa watu waadhini na wasikilize. Watu wakiitikia kwa adhana na wao, wazuie mikono yao, kisha wawaulize kuhusu zaka. Sikiliza kwanza! Hiyo ndiyo iliyokuwa amri.

Khalid, mmoja wa majemadari hao, alipomshinda Tulayha akaendelea mpaka Butah, kwa Malik bin Nuwayra wa Tamim. Malik huyu Mtume alikuwa amemfanya mkusanyaji wa zaka ya watu wake. Aliposikia Mtume amefariki, inasemekana aliwarudishia watu wake wale ngamia, akawaambia watawanyike. Hakukusanya jeshi. Akakamatwa, na akauawa, na Khalid akamwoa mjane wake. Abu Qatada, sahaba aliyekuwamo safarini, alikataa kata kata. Alishuhudia kwamba watu hao waliadhini na wakaswali. Wengine waliokuwamo walisema hawakusikia kitu. Abu Qatada akarudi Madina kulalamika, na Umar akataka Khalid avuliwe uongozi.

Abu Bakr hakumvua. Alisema Khalid alifasiri akakosea. Lakini alilipa fidia ya damu ya Malik, na akaamuru mateka warudishwe kwao. Ndugu yake Malik alimlilia kwa mashairi mpaka Waarabu wote wakayajua. Unaona? Yule niliyemnukuu mimi kwa sauti kubwa, alipoambiwa kwamba damu imemwagika pasipostahili, alilipa. Hiyo sikuisema Ijumaa ile.

Na wanahistoria, mama yangu, hapo ndipo nilipofurahi kwamba unakwenda, hata kama nilikuwa nimenuna. Wanasheria wa zamani wenyewe walitenganisha: kuna walioiacha dini, na kuna waliozuia zaka kwa tafsiri yao huku wakibaki Waislamu. Wa pili wengi waliwahesabu kama waasi dhidi ya dola, si makafiri, ingawa jina la ridda, yaani kuritadi, liliwafunika wote kama turubai moja juu ya mizigo tofauti. Washia wanaisoma habari ya Malik kwa njia yao: kwamba aliiona haki ya uongozi ni ya Ali, ndiyo maana akazuia. Na wa siku hizi, kama ulivyonisomea wewe kwenye simu, wengine wanasema ilikuwa ni Madina kulazimisha utii na ushuru, na kwamba baadhi ya makabila hayo hayakuwahi kuingia sawasawa, basi yataritadi vipi? Wanasema pia masimulizi tuliyonayo yaliandikwa vizazi vingi baadaye, na kila msimulizi alikuwa na kabila lake la kulitetea. Msimulizi huyu anawatia hatiani Banu fulani, yule anawasafisha.

Nayakubali mengi. Lakini na wewe usirudi likizo ukaniambia yote yalikuwa kodi na siasa. Waliokufa Yamama, wakiwamo wale waliohifadhi Qur'ani nzima kifuani hata Umar akaogopa isipotee, hawakufia ngamia. Na zaka nayo si kodi ya gavana. Abu Bakr aliona kwamba ukiiachia kila mtu aikate dini pale inapomchoma mfukoni, kesho hakuna jamii, na masikini ndiye wa kwanza kuachwa. Umar mwenyewe alisema baadaye aliona Mungu amemfungulia Abu Bakr kifua, akajua ndiyo haki. Nami nampenda Abu Bakr mpaka leo. Sikwambii yeye alikosea. Nakwambia mimi sikuwa Abu Bakr, kamati yetu ya rangi ya mnara haikuwa Madina, na Juma hakuizuia zaka hata siku moja. Aliitoa. Hakuniletea mimi tu.

Leo asubuhi nilikwambia naenda sokoni Ndhiwa. Nilipitiliza mpaka Magunga, na kamba ile mfukoni.

Nilifika jua la utosi. Nikasimama nje ya kile kibanda cha mabati walichokifanya msikiti. Kisha nikasikia adhana. Juma. Sauti ile ile aliyokuwa akiadhinia tukiwa wadogo, ikipanda mahali pale pale inapopanda, na baba yetu akisema, "Huyu ataamsha samaki." Halima, nilisikiliza adhana nzima nikiwa nimesimama juani, na nilikuwa nalia kama mtoto. Nikaingia, nikasimama nyuma yake, nikaswali Adhuhuri nyuma ya ndugu yangu.

Alipotoa salamu akageuka, akaniona. Akasema, "Omera, ndugu yangu, umekuja kuchukua nyingine?"

"Nimekuja kuirudisha," nikasema.

"Imezeeka."

"Na mimi pia."

Akacheka, kwa shida. Nikamwomba msamaha palepale, mbele ya wazee wawili na mtoto wa mtu aliyekuwa akisinzia. Nikamtaja mama. Nikamwambia nilitazama chini. Juma alifuta uso kwa kofia yake. Akasema alishanisamehe kwa upande wake, siku nyingi, kwa sababu kinyongo kinakula chakula cha mwenyewe. "Lakini, Kaka," akasema, "hukunitoa hapa. Ulinitoa Homa Bay, siku ya Ijumaa, watu wamejaa. Utanirudishia palepale uliponitolea."

Nilijaribu kukwepa, sitakuficha. Nikasema watu wameshasahau. Akasema, "Mzee aliyenishika mkono hajasahau. Na wewe hujasahau, ndiyo maana kamba haikutupwa." Kisha akaninyamazia, kama unavyoninyamazia wewe na chai. Nyote wawili mmetoka chungu kimoja.

Basi kesho ni Ijumaa. Baada ya swala, kabla sijakupeleka stendi, natakiwa nisimame mahali pale pale, nilitaje jina la Juma sasa, waziwazi, niseme nilimpachika jina lisilo lake, kwamba nilisoma nusu ya habari nikaifanya fimbo, na kwamba mama yetu alinyimwa imamu wake kwa sababu yangu. Wengine watasema Rajabu amechakaa. Mzee yule huenda akasimama anipinge. Na mimi naogopa, mwanangu. Naogopa kuliko nilivyoogopa siku ile niliyomwomba babu yako wa Ndhiwa mkono wa mama yako. Ndiyo sababu naandika sasa, nikiwa bado na nia, ili nisije nikajidanganya kesho.

Juma amekuja nami. Ukirudi kutoka Awendo utamkuta uani, na mtaniacha nje ya mazungumzo yenu, najua. Hivi ninavyoandika ameinama juu ya sanduku lako la bati, lile lenye kufuli linalofunguka likiguswa. Mama yako amemwuliza atalifunga kwa kitu gani, naye amenyoosha mkono dirishani kwangu bila kusema. Nimempa ile kamba, maana kule Magunga hakuipokea. Anaifunga fundo la baba yetu, la kufungia mbuzi mtukutu. Mama yako anamtania kwamba binti hatalifungua mpaka amalize chuo, na Juma anasema, "Basi hatatupoteza mpaka amalize chuo."

Walahaula, huyu mtu nilimkosa miaka yote hii.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi nililima peke yangu muda mrefu, na shamba halikuwa na kitu. Sikupi hili kama mawaidha. Nakupa kwa sababu utakaa na watu wenye akili, watabishana juu ya waliokufa, na kila mmoja atakuwa na nukuu yake. Ukiona nukuu inakuja vizuri mno mdomoni, mtafute kwanza yule aliyesikia adhana.

Unaposoma hapa, Ijumaa imeshapita. Ulikuwa nyuma ya pazia na mama yako, kwa hiyo unajua kama nilisimama au nilitazama chini tena. Mimi, ninapoandika, sijui. Mungu anajua, na anisaidie.

Ukifika chumbani kwako, kabla ya kitu chochote, liangalie sanduku. Kama sikusimama, tafuta kisu, uikate hiyo kamba na uitupe, wala usinipigie simu mpaka nitakapokuwa nimesimama. Lakini kama ulisikia sauti yangu, hata kama ilitetemeka, hata kama ilikatika katikati, basi usiikate. Kaa chini, ulifungue fundo kwa vidole, polepole. Likikushinda, tupigie. Tutakuelekeza sote wawili.

Ni mimi baba yako,
Rajabu